Ukiomba kuhamisha miadi ya kliniki, punguza udhuru, taja mipaka

Barua pepe nyingi zinazofika mapokezi ya hospitali zikiomba miadi ihamishwe zinafanana. Zinaanza na salamu ndefu, zinafuata samahani mbili tatu, kisha inakuja hadithi ya udhuru: msiba wa ghafla, safari ya kikazi, mtoto kaamka na homa, bosi kakataa kutoa ruhusa. Mwishoni kabisa ndipo linapotokea ombi lenyewe, tena kwa mstari mmoja: "Naomba mnisogezee tarehe." Mhudumu akimaliza kusoma anayajua matatizo yote ya mwandishi, ila hajui ni miadi ipi inayohamishwa, ihamie lini, wala mwisho wa kungoja ni siku gani.

Hoja yangu ni kwamba barua ya namna hii imeelemea upande usiofaa. Kliniki haina haja ya kupima uzito wa udhuru wako. Aliyefiwa na aliyepata safari wanatafutiwa nafasi kwa njia ileile. Kinachoamua jibu ni mambo mawili: nafasi zilizopo, na mipaka ambayo kipimo au tiba yako haiwezi kuivuka. Nafasi mhudumu anaziona kwenye kompyuta yake. Mipaka haioni. Anaona jina, namba ya faili, aina ya huduma na saa. Kama barua yako haikumwambia kwamba kuna siku ambayo ikipita kipimo kinapoteza maana, atakupa nafasi ya kwanza atakayoipata, nawe utashukuru bila kujua kwamba umepoteza kitu.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa tarehe zake. Mama mmoja mjamzito wa Dar es Salaam ni mtumishi wa taasisi ya umma. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa Jumatatu, tarehe 15 Desemba 2025, na ndiyo siku ambayo wiki za ujauzito huanza kuhesabiwa, isipokuwa kama altrasaundi ya miezi ya mwanzo imeonyesha hesabu nyingine. Hospitali imempangia altrasaundi ya katikati ya ujauzito Jumanne, tarehe 5 Mei 2026, saa 4 asubuhi. Siku hiyo atakuwa na wiki 20 na siku 1. Alhamisi yake, tarehe 7 Mei, amepangiwa kuonana na daktari ili asomewe majibu. Kisha kazini anaambiwa kwamba timu ya ofisi yao inakwenda Dodoma kwa Bunge la Bajeti, naye atakuwa huko kuanzia Jumapili, tarehe 3 Mei, hadi Jumamosi, tarehe 16 Mei.

Altrasaundi hii haikuwekwa wiki ya 20 kwa bahati. Ndiyo inayomkagua mtoto kiungo kwa kiungo: ubongo, uti wa mgongo, vyumba vinne vya moyo, figo, mikono na miguu. Inatazama pia kondo la nyuma limekaa wapi na kama liko mbali na mlango wa kizazi, na maji ya uzazi yanatosha kiasi gani. Kabla ya wiki ya 18 mara nyingi moyo ungali mdogo mno kuonekana vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza kila mjamzito afanyiwe altrasaundi angalau moja kabla ya wiki ya 24, na madaktari wengi hupenda ile ya kukagua viungo iwe kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kwa mama yetu, wiki ya 18 inatimia tarehe 20 Aprili, na ya 22 inatimia tarehe 18 Mei. Huo ndio uwanja wake: majuma manne, na miadi yake imewekwa katikati.

Katikati hapo pana kazi yake. Wakati mwingine mtoto hulala vibaya, akaufunika moyo au uso, na mtaalamu akalazimika kumwambia mama arudi baada ya siku kadhaa. Mara nyingine jambo fulani halieleweki, na mama anapelekwa kwa bingwa mwenye mashine bora zaidi. Anayepimwa wiki ya 20 ana siku za kurudia na siku za rufaa. Anayepimwa siku ya mwisho ya wiki ya 22 hana hata moja ndani ya muda alioutaka daktari.

Sasa fikiria mama huyu ameandika barua ya kawaida: anasikitika, amepata safari ya kikazi, anaomba asogezewe hadi atakaporudi. Mhudumu ataangalia wiki inayoanza tarehe 18 Mei. Akikuta Jumatatu imejaa, atampa Alhamisi, tarehe 21. Mama atakuwa na wiki 22 na siku 3, nje ya uwanja. Miadi ya daktari ya tarehe 7 Mei haitaguswa, kwa sababu hakuitaja. Itapita bila yeye kufika, na kwenye faili itaandikwa kwamba hakuhudhuria. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Barua ndiyo iliyobeba safari ikaacha ujauzito.

Kuna jambo jingine ambalo barua ya kawaida hulificha. Tunapoomba miadi ihamishwe, karibu sote tunafikiria kuchelewesha tu. Kwa mama huyu jibu zuri lilikuwa kuwahi. Wiki moja kabla ya safari, kuanzia Jumatatu, tarehe 27 Aprili, hadi Alhamisi, tarehe 30, atakuwa na wiki 19 kamili hadi wiki 19 na siku 3. Yumo ndani ya uwanja, na bado kuna siku za kurudia kipimo. Ijumaa haihesabiki, maana ni Mei Mosi. Lakini mhudumu hawezi kumpa siku za kabla ya safari ambazo hakuziomba.

Hii hapa barua ambayo ningependa aiandike, tuseme Jumatatu, tarehe 13 Aprili, mara tu baada ya kuijua safari:

Mada: Ombi la kuhamisha miadi ya tarehe 5 Mei 2026, faili namba 04417

Habari za kazi.

Naomba kuhamisha miadi yangu ya altrasaundi ya Jumanne, tarehe 5 Mei 2026, saa 4 asubuhi (10:00). Nitakuwa nje ya Dar es Salaam kuanzia tarehe 3 hadi 16 Mei.

Daktari alisema kipimo hiki kifanyike kati ya wiki ya 18 na ya 22, yaani kati ya tarehe 20 Aprili na 18 Mei. Kwa hiyo naomba kiwahishwe. Naweza kuja siku yoyote kuanzia Jumatatu, tarehe 27, hadi Alhamisi, tarehe 30 Aprili, kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana. Ikishindikana, naweza kuja Jumatatu, tarehe 18 Mei, lakini naomba kwanza daktari aulizwe kama siku hiyo haijachelewa.

Nina pia miadi ya daktari ya tarehe 7 Mei ya kusomewa majibu. Nayo naomba ihamie wiki inayoanza tarehe 18 Mei.

Tafadhali msiifute miadi ya tarehe 5 Mei kabla ya kunipa tarehe mpya kwa maandishi. Nisipopata jibu hadi Jumatano, tarehe 15 Aprili, saa 10 jioni (16:00), nitapiga simu.

Asanteni.

Chini yake aweke jina lake kamili kama lilivyo kwenye kadi ya kliniki, pamoja na namba ya simu iliyoandikishwa hospitalini. Udhuru umechukua sentensi moja, na hata Dodoma haikutajwa, kwa kuwa mhudumu hahitaji kuijua. Salamu na asante zimebaki, kwa sababu adabu haina gharama. Kilichoongezeka ni mipaka. Mhudumu anaweza kufungua kalenda, akatafuta siku nne za Aprili, akapata nafasi na kujibu bila kuuliza swali lolote.

Baadhi ya mistari ya barua hiyo inahitaji maelezo, na wa kwanza ni wa saa. Kompyuta ya hospitali inaandika 10:00. Mgonjwa anasema saa 4 asubuhi. Mwenye haraka anaandika "saa 10", na anayesoma anaelewa jioni. Kwa mdomo kosa hili hurekebishika papo hapo, kwa kuwa mtu huuliza "ya asubuhi au ya jioni?" Kwenye barua pepe hakuna wa kuuliza, na kosa linagundulika mama akiwa ameshafika mlangoni saa sita baada ya zamu yake kupita. Andika zote mbili, saa yetu na saa ya kompyuta, na daima taja siku ya wiki pamoja na tarehe. Siku na tarehe zikigongana, msomaji atajua kuna kosa kabla halijaleta madhara. Maneno kama "Jumanne ijayo" au "wiki ijayo" yaachwe kabisa, kwa sababu barua iliyoandikwa Ijumaa jioni inaweza kusomwa Jumatatu, na wiki ijayo ya mwandishi ikawa wiki hii ya msomaji.

Mstari wa pili ni ule unaokataza kufuta miadi ya zamani. Wapo wahudumu ambao wakisoma neno "kuhamisha" huifuta miadi kwanza ndipo watafute nyingine. Nafasi iliyofutwa inachukuliwa haraka, hasa kama bingwa huja hospitalini hapo siku moja au mbili tu kwa wiki. Mgonjwa akikosa nafasi mpya anabaki bila ya zamani na bila ya mpya. Ukisema wazi kwamba ya zamani ibaki hadi ipatikane nyingine, umejilinda. Ila haki hii ina wajibu wake: ukishapata tarehe mpya, hakikisha ya zamani imeachiwa, kwa sababu kipimo cha namna hii huchukua nusu saa au zaidi, na kuna mama mwingine anayeitafuta nafasi hiyo.

Mstari wa tatu ni ule wa miadi ya daktari. Miadi ya hospitali mara nyingi imefungamana na nyingine: kipimo kabla ya daktari, daktari kabla ya dawa, na wakati mwingine idhini ya bima yenye tarehe ya kuisha. Kabla ya kuandika, jiulize ni nini kinachosubiri majibu ya miadi hii. Ukihamisha kipimo bila kumhamisha daktari, utakaa mbele ya daktari asiye na la kukusomea. Katika mfano wetu kipimo kinatangulia kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ni halali mama aulize kama daktari atayaona majibu mapema na kumpigia simu endapo kuna jambo lisilosubiri.

Ikishatumwa, barua bado haijahamisha kitu. Hapa watu wengi hupotea. Ujumbe unaorudi wenyewe ndani ya dakika moja ukisema "tumepokea barua yako" ni mashine tu. Hakuna aliyegusa kalenda. Jibu la kweli linataja mambo manne: tarehe mpya pamoja na siku ya wiki, saa, aina ya huduma, na kwamba miadi ya zamani imefutwa. Kwa mama huyu lingekuwa hivi: "Altrasaundi yako imehamia Jumatano, tarehe 29 Aprili 2026, saa 3 na nusu asubuhi (09:30). Ya tarehe 5 Mei imefutwa. Utamwona daktari Alhamisi, tarehe 21 Mei, saa 5 asubuhi (11:00). Daktari ataona majibu yako siku ya kipimo, na atakupigia kama kuna haja." Jibu linalosema "sawa, tumekuhamisha" bila tarehe halitoshi. Lijibu uombe tarehe.

Kuna njia nyingine ya kugundua kama kalenda ilibadilishwa kweli. Hospitali nyingi hutuma ujumbe wa simu wa kukumbusha siku moja au mbili kabla, na ujumbe huo unatoka kwenye kalenda yenyewe. Ukikumbushwa miadi ya tarehe ya zamani, jua kwamba mhudumu alikujibu lakini hakubadilisha, au amekuandika mara mbili. Piga simu siku hiyohiyo. Kuandikwa mara mbili hutokea hasa pale mgonjwa anapotuma barua mpya kila anapokosa jibu, na wahudumu wa zamu mbili wakazishughulikia kila mmoja kivyake. Ukitaka kukumbusha, jibu juu ya barua yako ya kwanza ili historia yote ionekane mahali pamoja.

Mipaka si ya ujauzito pekee, na si kila mpaka ni wa tarehe. Miadi mingine imefungwa na saa. Mjamzito anayepimwa kisukari kwa kunywa maji ya glukosi, kipimo kinachofanywa kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28, hufika akiwa amefunga usiku kucha, anatolewa damu, anakunywa gramu 75 za glukosi, na anatolewa damu tena hadi saa mbili baadaye. Huwezi kumhamishia alasiri ukamfungisha mchana kutwa. Barua yake inapaswa kusema "asubuhi tu". Miadi mingine imefungwa na vidonge. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyepewa dawa za siku 30 akisogezewa miadi siku sita mbele, kwa siku sita atakuwa hana dawa, na shinikizo halijui kwamba alikuwa safarini. Yeye aandike: "Dawa zangu zinaisha tarehe 12. Kama hakuna nafasi kabla ya hapo, naomba nielekezwe namna ya kupata za kunifikisha siku ya miadi." Sentensi hiyo inalihamisha ombi kutoka kwa mtu wa kalenda hadi kwa muuguzi au daktari, ambako ndiko linakostahili kufika.

Lipo pia suala la siri. Sanduku la barua la mapokezi husomwa na watu kadhaa, na mada ya barua inaonekana hata kwa anayepita nyuma ya kiti. Ndiyo maana katika mfano wetu mada ina tarehe na namba ya faili tu, bila jina la kipimo. Usitumie anwani ya ofisini kwako kama hutaki ofisi ijue. Mama ambaye hajawaambia wenzake kwamba ni mjamzito asilipitishe jambo hilo kwenye barua pepe ya ofisi. Sheria zinatambua uzito huu: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinazihesabu taarifa za afya miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa ziada. Lakini sheria hailindi ulichokiandika mwenyewe mahali pa wazi.

Barua pepe ina mwisho wa matumizi yake. Miadi ikiwa ni kesho, piga simu. Mjamzito akitokwa na damu, akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu machoni au akihisi mtoto amepunguza kucheza, asiandike wala asisubiri miadi yoyote. Aende kituo cha afya saa hiyohiyo. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoingiza dalili nzito katikati ya ombi la kubadilisha tarehe, wakiamini daktari ataisoma. Anayesoma ni mtu wa mapokezi, tena huenda akaisoma kesho.

Mpaka hapa nimemsemea mgonjwa kana kwamba mzigo wote ni wake. Sivyo. Barua ya mfano ina sentensi moja ambayo wagonjwa wengi hawawezi kuiandika hata wakitaka: "Daktari alisema kipimo hiki kifanyike kati ya wiki ya 18 na ya 22." Wengi hawakuambiwa. Walipewa kadi yenye tarehe moja, na anayeiona tarehe moja tu huamini kwamba tarehe nyingine yoyote ni sawa nayo. Daktari aliyeipanga alikuwa na uwanja mzima kichwani, akaandika nukta moja, na sababu ya nukta hiyo ikabaki chumbani kwake.

Hospitali zinaweza kulirekebisha hili bila kununua mashine wala programu mpya. Kila anayeandika tarehe kwenye kadi aongeze mstari mmoja chini yake: "Isifanyike kabla ya tarehe fulani wala baada ya tarehe fulani." Kwa dawa aandike siku zinapoisha. Kwa kipimo cha kufunga aandike "asubuhi tu". Mstari huohuo uingizwe kwenye kompyuta ya mapokezi, mahali ambapo mhudumu anayehamisha miadi hawezi kukosa kuuona. Siku mgonjwa atakapopata msiba au safari, atanakili mstari huo kwenye barua yake, na mhudumu ataulinganisha na alionao. Hapo ombi la dakika tano litajibiwa kwa dakika tano, na mama wa mfano wetu atapimwa Aprili, akiwa na siku za kurudi endapo mtoto atakuwa amelala vibaya.

Wakati hospitali hazijafanya hivyo, uliza mwenyewe kabla ya kutoka chumba cha daktari: "Nikishindwa siku hii, mwisho wangu ni lini, na naweza kuwahi kuanzia lini?" Majibu yote mawili yaandike nyuma ya kadi kwa kalamu, daktari akiwa bado mbele yako.